Shilingi 75,000 zisizo na maelezo

Waajiri wengi wakiulizwa kama wanalipa wanawake na wanaume sawa hujibu bila kusita: ndiyo, ngazi zetu za mishahara ni zilezile kwa wote. Ngazi zinaweza kuwa zilezile na malipo bado yakapishana. Huyu aliajiriwa akawekwa chini kabisa ya ngazi, yule akawekwa katikati. Huyu ana posho ya mafuta, yule hana. Waraka wa ngazi hauonyeshi hayo. Yamo kwenye orodha ya malipo ya kila mwezi, na ni lazima yatafutwe.

Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya ina sharti la namna hiyo kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Sheria zinaweka wajibu, ila hesabu yenyewe mwajiri anaachiwa aifanye. Nitaionyesha kwa kampuni ya kubuni ya mikopo midogo jijini Mwanza, yenye maafisa mikopo 20: wanaume 12 na wanawake 8. Takwimu zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kirahisi.

Kabla ya kukokotoa chochote, amua nani analinganishwa na nani. Hapa cheo kilichoandikwa kwenye mkataba hakitoshi. Katika ofisi nyingi utakuta mwanamume anaitwa Afisa Mikopo na mwanamke anaitwa Msaidizi wa Mikopo, ilhali wote wawili wanahoji waombaji, wanakagua dhamana na kufuatilia marejesho. Ukipanga watu kwa vyeo, huyo msaidizi atatoka kwenye ulinganisho na pengo litapotea machoni pako kabla hujaanza. Kwa hiyo kaa na wasimamizi, muulizane kila kazi inadai nini kwa upande wa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kufanyia kazi. Kazi zinazokaribiana kwa mambo hayo manne ziwekwe kundi moja, hata kama majina yake ni tofauti. Katika kampuni yetu, wasaidizi wawili waliingizwa kwenye kundi la maafisa kwa njia hiyo, na ndipo wakafika 20.

Sasa taarifa. Chagua mwezi mmoja na uchukue malipo ghafi, yaani kabla ya makato. Mshahara unaoingia benki unapotosha sana: mmoja anakatwa na Bodi ya Mikopo, mwingine ana deni la SACCOS, na hayo hayahusiani na anacholipwa na mwajiri. Mshahara wa msingi ukae safu yake, posho zake, kamisheni zake. Usizijumlishe mapema, kwa sababu kila safu ina chanzo chake cha tofauti. Kamisheni hupanda na kushuka, hivyo chukua wastani wa miezi 12. Aliyekuwa likizo ya uzazi ahesabiwe kwa kiwango chake kamili cha mwezi, na miezi aliyokuwa likizo isiingizwe kwenye wastani wa kamisheni, la sivyo ataonekana mvivu wa mikopo kumbe alikuwa ananyonyesha. Majina yaondolewe, zibaki namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimpi kila mtu ofisini ruhusa ya kuona mshahara wa mwenzake.

Tuanze na mshahara wa msingi. Wastani wa wanaume ni shilingi 1,200,000, wa wanawake 1,020,000. Pengo ni 180,000, sawa na asilimia 15. Meneja atakwambia papo hapo kwamba wanaume ni wakongwe. Anaweza kuwa sahihi, na dai lake linapimika. Wagawe maafisa kwa uzoefu: walio chini ya miaka 3 na waliofikisha 3 au zaidi. Kama jinsia iko safu ya C (KE kwa mwanamke, ME kwa mwanamume), mshahara safu ya F na miaka safu ya G, Excel inatoa wastani wa wanawake wenye uzoefu mdogo hivi:

```
=AVERAGEIFS(F:F,C:C,"KE",G:G,"<3")
```

Ukibadilisha jinsia na alama ya miaka unapata wastani wa makundi matatu yaliyobaki. Kwa walio chini ya miaka 3, wanaume 4 wanapata wastani wa 960,000 na wanawake 5 wanapata 900,000. Kwa wakongwe, wanaume 8 wanapata 1,320,000 na wanawake 3 wanapata 1,220,000.

Sasa uliza swali moja: wanawake hawa 8 wangelipwa kama wanaume wenye uzoefu kama wao, wastani wao ungekuwa ngapi? Watano mara 960,000, jumlisha watatu mara 1,320,000, gawa kwa 8: unapata 1,095,000. Kutoka hapo hadi 1,200,000 ya wanaume kuna 105,000, na hiyo ndiyo sehemu ambayo uzoefu umeieleza. Meneja alikuwa na hoja. Lakini kutoka 1,020,000 wanayolipwa kweli hadi 1,095,000 kuna 75,000 kwa kila mwanamke, kila mwezi, ambazo uzoefu hauzielezi. Ni karibu asilimia 7 ya kile ambacho wangepata.

Je, asilimia 7 ni nyingi? Uswisi, ambako tangu Julai 2020 waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi wanalazimika kufanya uchambuzi huu, zana ya serikali iitwayo Logib inatumia kizingiti cha asilimia 5. Umoja wa Ulaya umetumia asilimia 5 hiyohiyo kwenye agizo lake la 2023 kuhusu uwazi wa mishahara. Lakini Logib hufanya kazi kwa kupima mambo kadhaa kwa pamoja, elimu, miaka kazini, ngazi ya wajibu, na njia hiyo inahitaji watu wengi. Ukiwa na wanawake 8, kuhama kwa mtu mmoja tu kunaweza kuibadilisha asilimia yako. Kwa kundi dogo namba inakuonyesha pa kutazama tu. Jibu litatoka kwenye mafaili.

Basi fungua mafaili, moja baada ya jingine. Chukua wawili walioajiriwa mwaka 2019, wote wana stashahada, wote hawakuwa na uzoefu wa mikopo. Mwanamume alianza na 800,000, mwanamke na 740,000. Kwenye fomu za usaili kuna kisanduku cha kuuliza mshahara wa sasa. Mwanamume alikuwa analipwa 700,000, mwanamke 640,000, na kila mmoja aliongezewa laki moja. Hakuna aliyekusudia ubaguzi. Walitendewa sawa kabisa, na pengo la mwajiri wa zamani likahamia kwa mwajiri mpya. Kisha zikaja nyongeza za mwaka kwa asilimia, tuseme 8 kwa wote. Baada ya nyongeza tano mwanamume yuko kwenye 1,175,000 na mwanamke 1,087,000. Pengo la 60,000 limekuwa 88,000, na hakuna mwaka hata mmoja ambao mtu alifanya uamuzi wa kumpunja. Ndiyo maana katika kila faili mimi hutafuta kwanza mshahara wa kuanzia, kabla hata ya tathmini za utendaji.

Sababu utakazopewa zipime kwa ukali. Iliandikwa wakati uamuzi unafanywa, au imetungwa leo baada ya swali kuulizwa? Inawahusu wote, au imetumika kwa huyu pekee? “Alijadiliana vizuri” ni sababu inayopendwa sana, na huanguka kwenye mtihani huu, kwani wengi hawakuambiwa kwamba mshahara ule ulikuwa wa kujadiliwa. Shahada inayohitajika na kazi, au posho ya kituo cha mbali inayolipwa kwa yeyote aliyeko huko, hizo husimama.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye kamisheni. Wanaume wanapata wastani wa 310,000 kwa mwezi, wanawake 140,000. Kanuni ni moja: nusu ya asilimia moja ya mikopo iliyotolewa. Mwanamume wa wastani anatoa mikopo ya milioni 62 kwa mwezi, mwanamke milioni 28. Mtu asiye mwangalifu ataweka kiasi cha mikopo kwenye hesabu kama kigezo cha maelezo, na pengo lote litayeyuka: kila shilingi imeelezwa. Lakini nani aliamua nani ahudumie wateja gani? Kwenye mafaili, wanawake 6 kati ya 8 wamepangiwa vikundi vya akina mama vyenye mikopo midogo midogo, na wanaume 10 kati ya 12 wamepangiwa wafanyabiashara wa sokoni. Aliyepanga ni meneja wa tawi, bila kigezo chochote cha maandishi. Kigezo kinachotokana na uamuzi wa mwajiri mwenyewe hakiwezi kutumika kumsafisha mwajiri huyohuyo. Kokotoa mara mbili, bila kigezo hicho na nacho, uandike matokeo yote mawili kwenye ripoti. Kisha angalia kama kazi ya vikundi kweli ni nyepesi. Afisa wa vikundi ana mikutano ya kila wiki na wadaiwa wengi zaidi wa kufuatilia. Ikiwa marejesho yake ni mazuri kuliko ya sokoni, kamisheni inayolipa utoaji na kusahau urejeshaji ni mbovu hata kwa biashara yenyewe.

Kurekebisha mshahara wa msingi si ghali kama wakurugenzi wanavyohofia. 75,000 kwa wanawake 8 ni 600,000 kwa mwezi, wakati mishahara ya msingi ya kundi zima ni 22,560,000. Ni chini ya asilimia 3. Usigawe sawa kwa wote: kila mmoja apewe kinachotokana na faili lake, wengine zaidi ya laki, mwingine pengine sifuri. Pia usishushe mshahara wa mwanamume yeyote ili hesabu ikae vizuri. Utavunja mkataba wake na utaanzisha mgogoro mwingine. Kisanduku cha mshahara wa zamani kitoke kwenye fomu ya usaili, la sivyo pengo litarudi na waajiriwa wapya. Hesabu irudiwe kila baada ya nyongeza za mwaka.

Inabaki ile 105,000 iliyoelezwa na uzoefu. Ripoti nyingi huiacha hapo, kana kwamba kilichoelezwa kimekwisha kuhalalishwa. Tazama tena kundi letu: wanaume 8 kati ya 12 wamefikisha miaka 3, wanawake ni 3 kati ya 8. Huenda wanawake wameanza kuajiriwa kwa wingi hivi karibuni. Huenda pia wanaajiriwa miaka yote na wanaondoka kabla ya mwaka wa tatu. Orodha ya mishahara haiwezi kujibu hilo, kwa sababu walioondoka hawamo tena. Omba mafaili ya walioacha kazi kwa miaka mitano iliyopita, na uangalie kwanza waliondoka miezi mingapi baada ya likizo ya uzazi.