Mzigo Ukirudi, Kamisheni Inakatwa Mwezi Gani?

Katika maduka ya jumla, ugomvi mkubwa kati ya muuzaji na mhasibu huja mwisho wa mwezi, na mara nyingi chanzo chake ni kamisheni. Muuzaji anasema ameuza, mhasibu anasema hela haijaingia. Muuzaji anasema hela imeingia, mhasibu anasema mzigo umerudi. Kampuni nyingi zikichoka na ugomvi huo hununua ERP, yaani mfumo wa kompyuta unaounganisha stoo, mauzo, uhasibu na mishahara mahali pamoja, zikiamini kwamba mashine itapiga hesabu na kelele zitaisha.

Mashine hupiga hesabu kwelikweli, lakini hupiga ile iliyoelekezwa. Chukua ERPNext, mfumo unaopatikana bure. Kwa kawaida yake huandika kamisheni ya muuzaji kwenye ankara yenyewe, siku ankara inapotolewa, kabla mteja hajalipa hata shilingi. Kampuni inayotaka kulipa kamisheni kwa fedha iliyoingia lazima iuelekeze mfumo upya. Hapo ndipo maswali matatu hukutana: ni fedha ipi inahesabiwa, lengo la mwezi linapimwaje, na mzigo ukirudi nani anabeba hasara.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa rangi za nyumba anayesambaza kwa maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Lengo lake la mwezi ni kukusanya shilingi milioni 40 bila VAT. Asipofika anapata asilimia 2 ya alichokusanya. Akifika, kiwango kinapanda hadi asilimia 3.

Mwezi Machi ana ankara tatu. Ya kwanza ni ya 23,600,000, imelipwa yote. Ya pili ni ya 29,500,000, na mteja amelipa 17,700,000 tu. Ya tatu ni ya Februari, yenye 11,800,000, ila fedha yake imeingia Machi.

Kwanza tuondoe kodi, kwa sababu VAT ni fedha ya serikali na haimhusu muuzaji. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hivyo ankara ya kwanza ni milioni 20 na ya tatu ni milioni 10. Hiyo ya pili, iliyolipwa sehemu tu, ndiyo huwapa watu shida. Wengine huondoa VAT ya ankara nzima kwenye malipo ya kwanza, na muuzaji anapunjwa. Wengine hawaiondoi kabisa mpaka malipo ya mwisho, na anazidishiwa. Njia sahihi ni kuigawa kodi kwa uwiano katika kila malipo:

```
malipo × (ankara bila VAT ÷ ankara na VAT)
17,700,000 × (25,000,000 ÷ 29,500,000) = 15,000,000
```

Jumla ya Machi ni 20 na 15 na 10, yaani milioni 45. Lengo limefikiwa. Ankara ya Februari imo kwa sababu kinachoangaliwa ni tarehe ya fedha kuingia, na salio la ile ya pili litahesabiwa siku litakapolipwa.

Sasa, asilimia 3 inalipwa juu ya nini? Mkataba mwingi husema tu “akifika lengo, asilimia 3”, na kila mtu akasoma anavyotaka. Tafsiri ya kwanza ni kwamba kiwango kipya kinashika fedha yote: asilimia 3 ya milioni 45 ni 1,350,000. Tafsiri ya pili ni ya ngazi: milioni 40 za kwanza zinalipwa asilimia 2, na milioni 5 zilizozidi ndizo zinazolipwa asilimia 3. Hapo anapata 800,000 na 150,000, jumla 950,000. Tofauti ni shilingi 400,000 kwa mtu yuleyule, mwezi uleule.

Kwa muuzaji tafsiri ya kwanza inavutia. Tuone inavyokuwa mzigo ukirudi.

Mwezi Aprili mwenye duka aliyelipa ankara ya kwanza anafungua ndoo na kukuta rangi imeganda. Anarudisha mzigo wenye thamani ya 7,080,000, sawa na milioni 6 bila VAT. Stoo inapokea, mhasibu anatoa kredit noti, mteja anarudishiwa fedha yake. Kamisheni ya Machi ilishalipwa. Muuzaji akatwe kiasi gani?

Mfumo usioelekezwa vizuri huchukua njia ya mkato: unatoa milioni 6 kwenye makusanyo ya Aprili. Tuseme Aprili amekusanya milioni 30, hajafika lengo. Milioni 6 zikitolewa zinabaki 24, na kwa kiwango cha asilimia 2 anapoteza 120,000. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ililipiwa asilimia 3 mwezi Machi, kwa hiyo kampuni inapunjika. Na kama Aprili angekuwa anakaribia lengo, mzigo ulioharibika wa Machi ungemnyima lengo la Aprili ambalo amelitolea jasho lake mwenyewe. Mwezi mmoja unaadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Njia ya haki ni kuurudisha mzigo kwenye mwezi ambao fedha yake ilihesabiwa. Machi inatoka milioni 45 inashuka hadi 39, chini ya lengo. Kwa mpango wa ngazi, kamisheni halisi ya Machi inakuwa asilimia 2 ya milioni 39, yaani 780,000. Alishapewa 950,000, hivyo anadaiwa 170,000. Ukiangalia, milioni 5 zimerudi kwa asilimia 3 na milioni 1 kwa asilimia 2, kama zilivyolipiwa. Kila mtu anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa kalamu.

Kwa mpango ule mwingine alishapewa 1,350,000 na anastahili 780,000. Anadaiwa 570,000, wakati kamisheni ya mzigo uliorudi kwa asilimia 3 ilikuwa 180,000 tu. Zile 390,000 nyingine ni adhabu ya kuvuka mstari kurudi chini. Mpango wa namna hiyo unamfundisha muuzaji kuficha marejesho. Atambembeleza mwenye duka akae na ndoo mbovu wiki moja zaidi mpaka hesabu zifungwe, na kampuni itajua ubovu wa bidhaa yake ikiwa imechelewa. Ndiyo maana naushauri mpango wa ngazi bila kusita, hasa kwa biashara yenye marejesho ya mara kwa mara.

Ili mfumo uweze kurudi Machi, lazima ujue kredit noti hii ni ya ankara ipi. Katika ERPNext kuna sehemu iitwayo `return_against` inayobeba namba ya ankara ya asili. Mhasibu mwenye haraka akitengeneza kredit noti huru bila kiungo hicho, fedha zitakaa sawa kwenye deni la mteja, ila mfumo hautajua ni muuzaji gani, mwezi gani wala kiwango gani. Ukisikia ofisi inalalamika kwamba marejesho hayaonekani kwenye kamisheni, anza kukagua hapo.

Kuna mtego mwingine, nao ni neno “imelipwa” lenyewe. Tuseme ankara ya 11,800,000, sawa na milioni 10 bila VAT, bado haijalipwa. Mteja anarudisha mzigo wa milioni 3, kisha analipa thamani ya milioni 7 iliyobaki. Deni limekwisha. Katika Odoo, hali ya malipo, yaani `payment_state`, itasomeka `paid`, ingawa sehemu ya deni imefutwa na kredit noti bila fedha kuingia. Ripoti inayookota ankara zote zenye `paid` na kuchukua thamani yake kamili itamlipa muuzaji kwa milioni 10. Mwingine akitaka kurekebisha anahesabu fedha iliyoingia, milioni 7, halafu anatoa tena kredit noti ya milioni 3. Muuzaji anabaki na 4, amekatwa mara mbili. Jibu sahihi ni 7.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kredit noti inapunguza kamisheni pale tu inaporudisha fedha ambayo ilikwisha kuhesabiwa. Ikifuta deni ambalo halijalipwa hakuna cha kukata, maana fedha hiyo haikuingia kwenye hesabu tangu mwanzo. Na mteja akiomba thamani ya mzigo aliourudisha ilipie ankara mpya badala ya kupewa taslimu, Machi inapunguzwa na ankara mpya inahesabiwa kuwa imelipwa kwa kiasi hicho. Usipofanya la pili, muuzaji anapoteza fedha ambayo bado imo mikononi mwa kampuni.

Deni la 170,000 lisifutwe kimyakimya kwa kuifungua Machi na kuiandika upya. Machi imeshafungwa, mshahara umelipwa, na PAYE imekatwa hadi kwenye kamisheni, kwa kuwa nayo ni kipato cha ajira. Marekebisho yaonekane kama mstari wa Aprili wenye maelezo: mzigo umerudi, ankara ya Machi, tofauti 170,000. Kamisheni ya Aprili ni asilimia 2 ya milioni 30, yaani 600,000, anabaki na 430,000. Lengo la Aprili halijaguswa.

Hata hivyo mwajiri asidhani kompyuta imempa ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimruhusu kukata malipo ya mfanyakazi atakavyo. Deni la mfanyakazi hukatwa kwa ridhaa yake ya maandishi. Basi mkataba wa kamisheni useme mapema kwamba kamisheni ya fedha iliyorudi kwa mteja hurekebishwa, kwa hesabu ipi, na kwa muda gani. Kampuni inaweza kuweka ukomo, kwa mfano siku 90, ambao mzigo ukirudi baada yake hasara ni ya kampuni. Bila ukomo, muuzaji hajui lini fedha aliyopewa ni yake.

Utajuaje kama hesabu ya mfumo wako iko sawa? Chukua jumla ya fedha iliyohesabiwa kwa wauzaji wote katika mwezi, marekebisho ya marejesho yakiwemo. Ilinganishe na fedha iliyoingia benki na kwenye simu kutoka kwa wateja mwezi huohuo, ukitoa VAT na fedha walizorudishiwa. Jumla hizo mbili zikilingana, una mahali pa kusimama. Zikipishana, usilipe kabla hujapata ankara inayoleta tofauti.

Nawe muuzaji, usikubali kupewa namba moja mwisho wa mwezi. Dai orodha yenye namba ya ankara, tarehe ya malipo, kiasi bila VAT, kiwango kilichotumika, na kila mzigo uliorudi pamoja na ankara yake. Mfumo unaoweza kukulipa unaweza pia kukuchapia orodha hiyo, na ni haki yako kuisoma kabla ya kusaini.