Kusimamishwa Kupisha Uchunguzi

Mifuko 40 ya saruji haionekani, na mtunza stoo anatuhumiwa. Nchini Tanzania, kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zilimruhusu mwajiri kumsimamisha kwa mshahara kamili, kwa barua inayotaja sababu na masharti. Barua nzuri husema “tuhuma za upungufu wa saruji”, si “wizi wako”, maana hapo hukumu imeshatolewa. Iwe na tarehe mbili, tuseme Machi 3 hadi Machi 16, na ahadi kwamba muda ukiongezwa ataarifiwa kwa maandishi. “Hadi utakapojulishwa” ni kumning’iniza mtu. Akabidhi funguo, apatikane kwa simu, asiingie stoo bila ruhusa. Lakini kumkataza kuonana hata na mashahidi wake ni kumnyima utetezi.