Kivuli cha Kuchora, Mwanga wa Kupaka

Picha ya kitambulisho cha kazi ndiyo hufichua mambo. Mwanamke ametoka nyumbani amependeza, faundesheni imekubali rangi ya ngozi yake, poda imetulia. Picha inapotoka anaona uso bapa kama sinia: pua imezama, mashavu hayana mwanzo wala mwisho, kidevu kimeungana na shingo. Wengi humlaumu mpiga picha, au huamini ndivyo walivyoumbwa. Mara nyingi chanzo ni ile faundesheni.

Uso usiopakwa kitu hauna rangi moja. Kwa wanawake wengi weusi, pembezoni mwa uso, karibu na nywele na kwenye taya, ngozi imekolea kuliko katikati. Juu ya hapo kuna vivuli vinavyoletwa na mwanga wenyewe, kwa kuwa jua na taa za dari humulika kutoka juu: mfupa wa shavu hung'aa, na chini yake panaingia giza. Kwa tofauti hizo ndogo jicho hutambua kipi kimetokeza na kipi kimebonyea. Faundesheni nzito ya rangi moja, kisha poda, huzifuta karibu zote. Flashi ya kamera, ambayo humulika kutoka mbele, humalizia zilizobaki.

Kontua na hailaita zipo kwa ajili ya kuzirudisha. Kontua ni kivuli cha kuchora. Hailaita ni mwanga wa kupaka. Maneno hayo yakishikwa vizuri, maswali mengi ya dukani hujijibu yenyewe. Kivuli hakimeti, kwa hiyo kontua yenye vimetameta haifai hata ikiwa ya bei kubwa. Kivuli hakina rangi ya machungwa, kwa hiyo bronza, ambayo imetengenezwa kuiga ngozi iliyochomwa na jua, haiwezi kushika nafasi ya kontua. Ikipakwa chini ya shavu, shavu huonekana lina kutu.

Rangi ndiyo inayowaangusha wengi, kabla hata mkono haujakosea. Kontua ya kila siku huhitaji kuzidi ngozi kwa toni moja au mbili tu. Kwa mwenye rangi ya maji ya kunde, kahawia iliyotulia, isiyovutwa sana kwenye wekundu, hutosha. Tatizo huja pale anaponunua paleti iliyotengenezwa kwa ngozi nyeupe. Kahawia zake zina ukijivu ndani, na zikikaa juu ya ngozi nyeusi huleta majivu, kana kwamba mtu ameamka mgonjwa.

Si jambo jipya. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York mwaka 1975, amesimulia kwamba katika kazi yake ya kwanza kule mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake. Aliyopakwa ilimgeuza kijivu. Akaanza kuchanganya rangi mwenyewe, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi.

Mwenye ngozi nyeusi sana anahitaji kufikiri kinyume. Kwake nafasi ya kuongeza giza ni finyu: kontua iliyokolea zaidi ama haionekani, ama huacha doa. Umbo la uso wake hujengwa zaidi na mwanga. Ngozi nyeusi huakisi mwanga kwa mng'ao mkali unaoonekana wazi, na ndiyo sababu hailaita kidogo kwenye mfupa wa shavu humfanyia kazi kuliko mistari mitatu ya kontua. Hapo kontua ni ya kusindikiza tu.

Tumchukue keshia wa benki jijini Dar es Salaam, maji ya kunde, uso wa mviringo, ngozi yenye mafuta. Ana dakika kumi kabla ya daladala. Faundesheni ameshapaka, nyepesi, na poda bado. Huo ndio wakati wa kontua ya krimu, kwa sababu krimu juu ya poda hushikana na kufanya mabaka. Aliyekwisha kupaka poda atumie kontua ya poda.

Anaweka kidole kwenye kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio na kukishusha taratibu kuelekea pembe ya mdomo. Mfupa utakapoishia na nyama laini kuanzia, hapo ndipo penye bonde. Anapaka mstari mwembamba kutoka sikioni na kusimama usawa wa pembe ya nje ya jicho. Ukivuka hapo na kukaribia mdomo, uso huonekana umekondeana kwa njaa. Kisha anachukua sponji yenye unyevu na kugongagonga ukingo wa juu wa mstari, akiupandisha kuelekea mfupa. Akiushusha, shavu zima litaonekana limelegea. Anagusa kidogo chini ya taya na kuvuta rangi hadi shingoni. Pua anaiacha. Mistari miwili ya pembeni mwa pua hupendeza jukwaani na kwenye picha za harusi, lakini mteja aliyesimama dirishani pa keshia ataiona kama mistari.

Baada ya hapo anachukua konsila inayoizidi ngozi weupe kwa toni moja, bila vimetameta, na kuigusa chini ya macho na katikati ya paji la uso. Anaisambaza mpaka ukingo upotee, halafu poda nyembamba juu ya vyote ili joto la pwani lisiyeyushe kazi kabla ya saa nne.

Hailaita ya kumetameta inakuja mwisho, kwa ncha ya kidole, juu ya mfupa wa shavu peke yake. Rangi ya dhahabu au shaba hukubaliana na ngozi yake. Ya fedha au ya lulu nyeupe ingekaa juu kama unga. Kwenye paji la uso na ncha ya pua hapaki kitu, kwa kuwa mafuta ya ngozi yatapang'arisha yenyewe kabla ya mchana. Palipo na chunusi au vinyweleo vilivyofunguka napo anapakwepa, maana vimetameta huonyesha kila kinundu.

Kioo cha bafuni hakitoshi kuthibitisha. Asimame mlangoni, mwanga wa nje ukimpiga upande mmoja, ageuze uso polepole. Kivuli kilichopakwa sawasawa hakina mahali pa kuonyesha kwamba hapa ndipo kinaanzia. Akiona ukingo, asiongeze rangi. Achukue ile sponji yenye mabaki ya faundesheni agonge hapo. Kisha ajipige picha mbili kwa simu, moja bila flashi na moja kwa flashi. Kama kwenye ya pili chini ya macho pamekuwa peupe pe, tatizo si hailaita: aghalabu ni poda yenye silika nyingi, ambayo hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye kamera.

Kuna wakati kontua haisaidii kitu. Jua la saa saba mchana halikopeshi kivuli: huonyesha rangi kuwa ni rangi, hata iliyopakwa na fundi. Mwenye kushinda nje, muuza duka la barabarani au mwalimu wa michezo, atapata zaidi kwa kuacha faundesheni nzito, afiche madoa tu kwa konsila, na kuacha vivuli vyake vya asili vionekane.