Hakusikia "Kumi"

Jumamosi asubuhi, katika soko moja la Dar es Salaam, mvulana wa miaka 10 alisimama mbele ya meza ya mboga akiwa ameishika kwa nguvu noti moja ya shilingi 10,000, ile nyekundu yenye tembo. Alikuwa ametumwa na mama yake. Alichukua nyanya mafungu mawili kwa 2,000, nazi mbili kwa 1,800, vitunguu nusu kilo kwa 1,000 na bamia fungu moja la 500. Kila kitu kilipoingia kwenye kikapu alikijumlisha kimoyomoyo, hivyo muuzaji aliposema, "Elfu tano na mia tatu, mwanangu," yeye alikuwa ameshafika hapohapo.

Muuzaji aliipokea noti, akaitia kwenye mkoba wa kiunoni, akaanza kurudisha chenji kama wafanyabiashara wengi wa sokoni wanavyofanya: hakutoa, alijumlisha. Alianzia kwenye bei akapanda kuelekea noti aliyopewa. Alimwekea sarafu ya 200 kiganjani: "Tano na nusu." Sarafu ya 500: "Sita." Noti ya 1,000: "Saba." Noti ya 2,000: "Tisa." Hapo mteja mwingine akapaza sauti nyuma ya mvulana, "Dada, nazi bei gani?" Muuzaji akageuka kumjibu, na aliporudi akasema tu, "Haya baba, msalimie mama."

Uzuri wa hesabu hii ya kupanda ni kwamba mnunuzi anaweza kuifuata kwa masikio. Neno la mwisho la muuzaji lazima liwe sawa na noti uliyotoa. Ukitoa elfu kumi, usibanduke hadi usikie "kumi." Mvulana alikuwa amesikia "tisa."

Hakuondoka. Alisogea hatua moja kando kumpisha yule mteja wa nazi, lakini akabaki palepale kwenye meza, pesa zikiwa bado kiganjani. Alizitandaza noti kwa kidole gumba, moja moja, kwa sababu noti iliyokunjwa katikati ukiihesabu kwa pembeni huonekana mbili. Zilikuwa 3,700. Zilitakiwa 4,700.

Watoto wengi hapa ndipo wanapopunjwa mara ya pili. Anaogopa kumsumbua mtu mzima, anaitumbukiza chenji mfukoni pamoja na sarafu nyingine, anatembea hadi kwenye ndizi, kisha anakumbuka. Akirudi, hana cha kuonyesha. Muuzaji anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hajui kilichotokea njiani. Na nyumbani elfu moja iliyopungua ina jibu moja tu lililo tayari: umeila, umenunua ubuyu na barafu. Naliona hili ni jambo la kuumiza, mtoto kubebeshwa wizi kwa kosa lililofanyika kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Mama, samahani," alisema yule mteja alipomaliza. "Chenji imepungua."

"Nimekupa yote, mwanangu. Hesabu vizuri."

Mvulana hakuanza na chenji. Aliuliza kwanza, "Jumla ni elfu tano na mia tatu?" Swali hilo lina kazi kubwa kuliko linavyosikika. Ugomvi wa sokoni mara nyingi huchanganya mambo mawili, bei ya vitu na pesa iliyorudi. Kama muuzaji angekuwa amehesabu nazi kwa 1,000 kila moja, jumla ingekuwa 5,500, na wangebishana juu ya chenji bila kujua kuwa kila mmoja anaanzia mahali pake. Muuzaji akaitikia: ndiyo, tano na mia tatu. Kisha mvulana akaweka pesa mezani kwa mpangilio uleule, akitamka: tano na nusu, sita, saba, tisa. Akanyamaza, mkono ukiwa mtupu.

Muuzaji alizitazama zile pesa, akafungua mkoba. "Kweli, imebaki buku. Yule wa nazi alinikata." Akaweka noti ya bluu juu ya zile nyingine: "Kumi."

Je, alikusudia? Kwa tukio moja huwezi kujua, na mvulana hakuhitaji kujua ili adai chake. Anayekosea kwa kukatizwa hukosea pande zote mbili, siku nyingine humzidishia mteja. Anayepunja, makosa yake huangukia upande mmoja tu, na hilo hulibaini anayenunua kwake mara kwa mara.

Nyumbani mama alizihesabu 4,700, akazifunga kwenye pindo la khanga, akamuuliza kama nazi alizitikisa kabla ya kuzichukua.