Kiatu Kisielee Hewani

Pitia kurasa za wauza viatu mtandaoni, hutakosa kiatu kizuri cha ngozi kilichokatwa kutoka kwenye picha yake na kuwekwa juu ya sakafu ya saruji, lakini hakijakanyaga. Kinaelea. Mteja huenda asiweze kusema kilichomtia shaka, ila jicho lake limeshaona kwamba chini ya soli hakuna giza.

Giza hilo ni la namna mbili. Pale soli inapogusa sakafu, mwanga hauna pa kupenya, hata ule unaodunda kutoka kwenye kuta na dari. Hapo hutokea mstari mwembamba uliokolea kuliko vivuli vyote vya jirani, yaani kivuli cha mguso. Nje yake hutandaa kivuli cha sakafuni, kipana na hafifu, kwa kuwa kiatu kinaziba sehemu tu ya mwanga. Ukingo wa kivuli hiki hutegemea ukubwa wa chanzo cha mwanga. Kitu kikiwa sentimita 10 juu ya sakafu, jua la utosini hulainisha ukingo huo kwa milimita 1 hivi tu, lakini taa yenye upana wa sentimita 60 iliyo mita 1 juu yake huulainisha kwa sentimita 6 hivi. Basi kabla ya kushika brashi, itazame picha ya sakafu yenyewe: mwanga unatoka wapi, na vivuli vilivyomo vina kingo kali au laini?

Wengi hukimbilia Drop Shadow ya Photoshop. Hiyo hunakili umbo zima la kiatu, ikalisogeza na kulitia ukungu sawasawa pande zote, kiatu kikaonekana kama karatasi iliyoning'inizwa mbele ya ukuta. Kwa kitufe cha tovuti inafaa. Kwa kiatu kinachosimama, hapana.

Tuseme kiatu chetu ni cha kiume cha kufunga kamba, kimepigwa ubavuni, ncha ikielekea kulia. Kina urefu wa pikseli 1,200, na dirisha pana liko kushoto. Ukikichunguza, hakigusi sakafu kote. Kisigino kinagusa, soli inapanda kwenye tao, inashuka tena chini ya sehemu pana ya mbele, kisha ncha inanyanyuka kidogo. Kivuli cha mguso lazima kifuate safari hiyo.

Fungua leya mpya chini ya leya ya kiatu na uiweke kwenye Multiply. Usitumie rangi nyeusi tupu, maana kwenye saruji huonekana kama masizi. Chukua rangi ya mahali penye giza kwenye sakafu hiyohiyo, uikoleze. Kwa brashi ya pikseli 8 na Flow ya asilimia 10, pita chini ya kisigino na chini ya sehemu pana ya mbele, ukiingia kidogo nyuma ya soli ili usibaki ufa wa mwanga kati ya kiatu na kivuli. Kwenye tao usichore mstari, bali weka giza laini, kwa kuwa pale mwanga kidogo huingia. Ukikaribia ncha, acha mstari ufifie hadi upotee. Malizia kwa Gaussian Blur ya pikseli 2.

Leya ya pili, chini ya hiyo, ni ya kivuli cha sakafuni. Tumia brashi kubwa isiyo na ukingo, pikseli 300 hivi, kuchora umbo bapa linaloegemea kulia. Likate vipande viwili. Cha karibu na soli kipe Gaussian Blur ya pikseli 15, cha mbali 50, kwani kadiri kivuli kinavyotoka mbali na kitu ndivyo kinavyolainika. Anza na Opacity ya asilimia 30 kisha rekebisha kwa jicho. Sakafu nyeupe huhitaji pungufu. Kivuli kikionyesha matabaka kama ngazi, Add Noise ya asilimia 1 huyavunja.

Sasa ipunguze picha hadi iwe ndogo kama itakavyoonekana kwenye simu, kisha zima na kuwasha leya ya mguso. Ikizimwa, kiatu kinapaswa kuonekana kinanyanyuka. Kisiponyanyuka, mstari wako ni hafifu mno au umekaa mbali na soli. Kosa jingine la kawaida ni utando wa kijivu unaozunguka kiatu chote, hadi upande wa dirisha. Kwa dirisha lililo kushoto, upande huo hubakiza mstari wa mguso na giza kidogo tu.

Kuna mahali brashi haifiki. Ikiwa kiatu kilipigwa kamera ikiwa juu, na sakafu ikapigwa kamera ikiwa karibu na ardhi, soli na sakafu haziko kwenye mlalo mmoja, na hakuna kivuli kitakachovipatanisha. Tafuta picha nyingine ya sakafu, au kipige kiatu upya.