Kichwa Chekundu, Kichwa cha Njano

Pichani kuna barabara, shamba la ngano na nguzo fupi nyeupe ya kilomita yenye kichwa cha mviringo. Mtazamaji mzoefu huanza kuifikiria Ufaransa. Kichwa chekundu ni cha barabara ya taifa, ambayo namba yake huanza na N. Cha njano ni cha barabara ya mkoa, yaani D.

Ila rangi hudanganya. Mwaka 2006 maelfu ya kilomita za barabara za taifa zilikabidhiwa mikoa, na baadhi ya nguzo zikabaki na wekundu wake. Bango la njiani likisema D, liaminiwe bango.

Nguzo za umbo hilo zipo hadi Vietnam, koloni la zamani la Wafaransa. Huko nyekundu ni ya taifa, buluu ya mkoa. Herufi QL au ĐT humaliza ubishi.