Pengo la Masomo Baada ya Shule Kufungwa: Tafiti na Hali ya Kasongo na Kabambare

Shule zinapofungwa kwa muda mrefu, mtoto husahau alichokwisha kujifunza na hukosa kile ambacho angejifunza katika miezi hiyo. Hasara hizo mbili kwa pamoja huitwa pengo la masomo. Nchini Kongo shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa mengi yakarudi Oktoba, kisha yakafungwa tena kuanzia Desemba hadi Februari 2021. Katika teritwari ya Kabambare, hasa upande wa Salamabila, mapigano yamezihamisha familia mara kwa mara, na masomo yamekatika hata nje ya miezi hiyo.

Utafiti wa Andrabi, Daniels na Das kuhusu tetemeko la ardhi la Pakistani la 2005 unaonyesha kwamba pengo linaweza kukua baada ya shule kufunguliwa. Shule zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi, lakini miaka minne baadaye watoto waliokuwa karibu na ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili ya masomo. Inaelekea kwamba walirudi darasani wakakuta mwalimu amekwisha kusonga mbele na mtaala, wakazidi kuachwa kila muhula.

Kwa sababu hiyo, kuharakisha mtaala hakutoshi. Nchini Kenya, Duflo, Dupas na Kremer walichunguza shule 121 ambamo darasa la kwanza liligawanywa, na wakakuta kwamba kuwapanga watoto kwa kiwango cha ujuzi kuliwanufaisha wenye nguvu na walio dhaifu pia. Nchini India, shirika la Pratham huwapima watoto mmoja mmoja kwa mdomo: je, anatambua herufi, anasoma neno, aya, au hadithi fupi? Kisha watoto wa madarasa mbalimbali wanaolingana kwa ujuzi hufundishwa pamoja kwa saa moja au mbili kila siku, na hupimwa tena ili wahamie kundi la juu.

Kwa Kasongo na Kabambare, kipimo hicho kianze kwa Kiswahili, kwa maana mtoto anayeshindwa kusoma aya ya Kifaransa huenda anajua kusoma lakini haielewi lugha hiyo, na tiba ya matatizo hayo mawili si moja. Vituo vya kufidia masomo, viitwavyo CRS, ambavyo hufupisha miaka sita ya msingi kuwa mitatu, vinawafaa walioacha shule. Havimsaidii mwanafunzi wa darasa la nne aliyeandikishwa lakini bado anakwama kwenye herufi. Huyo anahitaji saa yake ya kila siku ndani ya shule ileile, na mwalimu aliyeruhusiwa kuacha mtaala kando kwa saa hiyo. Bila ruhusa hiyo, makundi hubaki kwenye karatasi.